Kwa nini si Hamisi? Igizo la meza moja ya madera

Igizo linaanza kwa sauti ya kalkuleta. Baba Hamisi amekaa kwenye kigoda uani, nje ya chumba cha kupanga nyuma ya ghorofa la zamani Mchafukoge, daftari la mali kauli likiwa wazi miguuni pake. Anabonyeza, anafuta, anabonyeza tena. Mkewe anakanda unga wa maandazi ya kesho. Binti yao Zuhura, mwenye miaka 15, anapiga pasi sare, maana kesho shule zinafunguliwa baada ya likizo ya katikati ya mwaka na yeye anaingia muhula wa mwisho wa kidato cha pili.

"Hiyo sare usijisumbue nayo," baba anasema, macho yakiwa bado kwenye daftari. "Kesho unakwenda mezani."

Watu hawa hawapo. Ni wahusika wa igizo la dakika kama 15, lililotungwa kwa ajili ya ukurasa huu ili liweze kuchezwa na wazazi na mabinti wenyewe siku ya wazazi shuleni, kwenye kikao cha kikoba au uani kwa jirani mwenye nafasi. Vifaa vyake ni kigoda, daftari, pasi isiyo na moto na madera matatu. Namna ya kulicheza, hata hivyo, haikubuniwa leo, na inafaa kujua ilikotoka.

Mwaka 1982 na 1983 wasomi wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, miongoni mwao Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walifanya kazi na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza. Hawakupeleka igizo lililoandikwa mjini. Wanakijiji walitaja wenyewe yanayowasumbua, na mimba za wasichana zilikuwa miongoni mwa hayo, kisha wakayaweka kwenye ngoma, nyimbo na vichekesho walivyovizoea. Mwaka 1996 kinamama hao wawili wakaanzisha mpango ulioitwa Tuseme katika shule za sekondari. Jina lenyewe linajieleza: wasichana waseme kinachowakwamisha shuleni, na waseme kwa kuigiza, kwa sababu yapo mambo ambayo binti hawezi kumwambia baba yake ana kwa ana lakini anaweza kuyasema akiwa amevaa nguo za mtu mwingine. Baadaye Jukwaa la Wanawake Waelimishaji wa Afrika, FAWE, liliuchukua mpango huo na kuueneza katika nchi nyingine za bara hili.

Utaratibu wa Tuseme una hatua ambazo mwenye haraka huziruka. Kwanza wasichana wanachunguza wao wenyewe: nani kaacha shule, lini, nani aliamua, siku hiyo nyumbani kulikuwa na nini. Pili wanachambua sababu na sababu ya sababu. Hapo tu ndipo wanatunga. Wakishaonyesha, igizo linasimama na watazamaji wanaanza kujadili, na kinachokubaliwa kinafuatiliwa. Anayeanza kwa kutunga huishia na igizo linalojulikana mwisho wake tangu dakika ya kwanza: baba mlevi, mama anayelia, mwalimu anayekuja na hotuba, wote wanapiga makofi.

Ndiyo maana Baba Hamisi wa igizo hili si mlevi. Ni mtu mwenye deni. Anauza madera kwenye meza Kariakoo, ng'ambo ya viwanja vya Mnazi Mmoja, kwa mali kauli: anachukua mzigo duka la jumla bila kulipa, anauza, anarudisha fedha ya mwenye mali na kubaki na chake. Wiki mbili zilizopita kijana aliyekuwa akimsaidia mezani aliondoka na mzigo. Deni sasa ni shilingi 480,000 na mwenye duka la jumla amesema hatoi dera hata moja mpaka aone malipo yakianza.

Hesabu yake inaeleweka. Kijana wa kuajiri anataka 7,000 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi hiyo ni 182,000 kwa mwezi. Zuhura akikaa mezani, fedha hiyo inabaki nyumbani, na deni linakwisha katika miezi isiyofika mitatu. "Miezi mitatu tu, Mama Hamisi," anasema. "Mwezi wa kumi anarudi shule. Mimi sijasema aache. Nimesema asimame kidogo."

Mzazi yeyote mwenye biashara ndogo akisikia sentensi hiyo atajua kuwa si ya mtu mbaya, na hapo ndipo igizo linapata nguvu. Mtu aliyekuja kutazama anatakiwa, kwa dakika mbili angalau, kumwona baba ana haki.

Mama anajibu taratibu, mikono ikiwa bado kwenye unga. Novemba Zuhura ana Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili. Asiyefikia kiwango haendi kidato cha tatu, anarudia. Miezi mitatu ya meza, kwa hiyo, ni mwaka mzima wa shule. Na mama anaongeza jambo ambalo wachezaji wasilikimbize: "Unamjua msichana gani hapa mtaani aliyesimama kidogo akarudi?"

Baba hana jibu. Anafunga daftari.

Onyesho la pili linamleta shangazi. Anaingia na mfuko wa machungwa, Zuhura anamwamkia, "Shikamoo shangazi," anaitikiwa marahaba na kuambiwa akachote maji. Ishara ndogo hiyo, ya kumwondoa binti kabla mazungumzo yake hayajaanza, watazamaji wanawake huitambua upesi kuliko neno lolote.

Shangazi ana suluhisho la deni. Yupo mwenye duka mtaa wa pili, mtu mzima, mstaarabu, amefiwa na mke. Amemwona Zuhura. Deni la 480,000 kwake ni kitu kidogo.

"Wifi, mtoto ana miaka 15," mama anasema.

"Na sheria inasema 15 mzazi akiridhia," shangazi anajibu. "Mimi sijatoa kichwani."

Watunzi wengi wangemfanya shangazi mwongo, na hilo lingekuwa kosa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kweli iliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa msichana kwa ridhaa ya wazazi. Hicho ndicho watu wa rika lake walichokisikia maisha yao yote. Asichokijua ni yaliyofuata. Rebeca Gyumi alifungua shauri kuhusu vifungu hivyo, na Julai 8, 2016 Mahakama Kuu ikaamua kuwa vifungu vya 13 na 17 vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 23, 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Kwa mwanafunzi kuna uzio mwingine kabisa. Mabadiliko ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yanasema kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Na hayaishii kwa mwoaji. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo naye ana kosa, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kifungo cha miaka mitano, au vyote viwili.

Katika igizo, mama hasomi vifungu. Anasema tu, "Wifi, huyo mstaarabu wako anatafuta miaka 30. Na sisi tuliokaa kwenye kikao hiki tunatafuta mitano."

Shangazi anafikiri kidogo, kisha anatoa sentensi ngumu kuliko zote za igizo, naye anaisema kwa sauti ya chini kama anayetoa ushauri mzuri: "Basi ndiyo vizuri akae mezani kwanza. Akishasahau shule, tutazungumza."

Hapo baba anainua kichwa. Ni mara ya kwanza anaona kwamba meza yake na posa ya dada yake ni njia moja. Mchezaji wa baba asiongeze neno. Amtazame dada yake, kisha atazame sare iliyokunjwa, na igizo lisimame.

Msimamo huo ndio moyo wa kazi. Mwezeshaji, ambaye anaweza kuwa mwalimu, mzazi au binti mkubwa, anatokea mbele na kuuliza swali moja: "Baba huyu afanye nini?" Mbrazili Augusto Boal aliijengea kazi kama hii jina duniani, mtazamaji akipanda jukwaani kuchukua nafasi ya mhusika. Kwetu hakuna aliyehitaji kufundishwa. Watazamaji wa vichekesho daima wamemjibu mchezaji kutoka kwenye viti vyao. Kinachotakiwa ni kuwapanga. Baba mmoja aliyeketi nyuma aje acheze Baba Hamisi kwa dakika tatu. Mama mmoja ajaribu kumshawishi. Wasichana wapewe zamu kabla ya watu wazima kuchoka, na wasiulizwe "wewe kwenu ikoje," bali "Zuhura sasa hivi anawaza nini?" Binti akijibu kuhusu Zuhura hana la kujieleza akifika nyumbani.

Namna ya kujua kama kazi imekwenda vibaya ni rahisi: sikiliza nani anazungumza. Wakizungumza walimu na mwenyekiti wa mtaa peke yao, igizo limegeuka mkutano. Watu wakicheka tangu mwanzo hadi mwisho, baba amechezwa kama kichekesho na akina baba waliopo hawatajiona ndani yake. Na ikiwa kila mtu anakubaliana haraka kuwa elimu ni muhimu, basi hakuna aliyeliangalia deni. Deni lipo palepale. Familia ikirudi nyumbani bila kulijibu, kesho asubuhi Zuhura yuko mezani.

Majibu ambayo huweza kutoka kwa watazamaji ni mengi: mama akope kikoba, baba auze kitu, Zuhura akae mezani jioni baada ya shule. Hilo la mwisho lizungumzwe kwa uangalifu. Jioni Kariakoo kuna wateja kweli, wafanyakazi wakitoka ofisini. Lakini binti anayetoka darasani alasiri, akasimama mezani hadi giza, akarudi kuosha vyombo, atafungua daftari saa ngapi? Wapo wasichana ambao hawakuwahi kuambiwa waache shule. Walichoka tu mpaka wakafeli.

Onyesho la tatu linaanza na bibi, mama yake baba, ambaye muda wote amekaa pembeni akichambua mchele. Hakuwa amesema neno. Sasa anauliza bila kumtazama mtu:

"Hamisi yuko wapi?"

Kimya. Hamisi ana miaka 19, alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na saa hizi yuko kijiweni akisubiri rafiki amwachie bodaboda kwa masaa mawili. Nyumba yenyewe inaitwa kwa jina lake. Baba ni Baba Hamisi, mama ni Mama Hamisi. Katika hesabu zote za kalkuleta, jina hilo halikutajwa hata mara moja.

"Hamisi ana mambo yake, mama," baba anasema.

"Mambo gani?"

Baba anafungua mdomo na kuufunga. Hapa watazamaji watacheka, na waachwe wacheke, kwa kuwa kicheko hiki kina kazi. Si kwamba baba anamchukia binti. Amezoea tu kuona muda wa binti kama muda wa nyumba, na muda wa mvulana kama mali ya mvulana mwenyewe. Hakuwahi kulifikiria jambo hilo, na ndiyo sababu swali la bibi linamchoma kuliko sheria.

Hamisi anaitwa. Hakubali kirahisi, na asifanywe akubali kirahisi. "Mimi nikae na madera ya kinamama?" anauliza. Baba anamjibu kuwa madera hayo ndiyo yaliyomsomesha. Wanapatana bei kama wanavyopatana watu wa Kariakoo: Hamisi anataka 5,000 kwa siku, baba anatoa 2,000, wanakutana kwenye 3,000 na chakula cha mchana.

Kisha Zuhura anaombwa kalkuleta. Anahesabu kwa sauti ili watazamaji wafuate. Kijana wa kuajiriwa angekula 7,000, Hamisi anachukua 3,000, kwa hiyo kila siku inabaki 4,000. Kwa siku sita za wiki ni 24,000. Mama anasema anaweza kutoa 6,000 kwa wiki kwenye maandazi, isizidi hapo, maana mtaji wake ni mdogo. Jumla 30,000 kwa wiki. Deni la 480,000 ukiligawa kwa 30,000 unapata wiki 16. Kuanzia wiki ya kwanza ya Julai, wiki ya 16 inaangukia Oktoba, kabla ya mtihani.

Hesabu hiyo ina tundu moja, na baba analisema: mwenye duka la jumla akubali kulipwa kidogo kidogo. Anaondoka na daftari kwenda kuongea naye. Igizo halionyeshi mazungumzo hayo. Baba anarudi akiwa amebeba madera kumi na mawili, dazeni moja tu wakati alizoea kuchukua tano, na kila mtu anaelewa kuwa amekubaliwa nusu nusu. Wakati wa mjadala mtu fulani atauliza, je, angekataliwa? Swali zuri. Liachwe kwa wazazi walijibu wenyewe, kwa kuwa wao ndio wanaojua wenye maduka wao.

Kuna kishawishi cha kumwokoa Zuhura kwa njia nyingine: agundue kosa kwenye daftari la deni, aonyeshe kuwa baba anadaiwa pungufu, wote washangilie elimu yake. Watazamaji wangependa. Lakini hapo binti anaruhusiwa kusoma kwa sababu ameleta fedha, na msichana ambaye hana kosa la kugundua angebaki bila utetezi.

Shangazi naye asifukuzwe jukwaani. Anabaki, anamenya machungwa yake, anamuuliza mama kwa sauti ya kupoa kama ile miaka mitano ni kweli. Mama anamwambia ni kweli. "Basi mwambieni na yule," shangazi anasema, "mimi nitaona aibu." Dada wa baba atakuwa shangazi hata baada ya deni kulipwa, na kupatana naye ni sehemu ya kumaliza mgogoro.

Katika mjadala wa mwisho, mara nyingi kuna mama au binti ambaye mambo ya Zuhura kwake yameshapita: alishaachishwa. Mwezeshaji awe na jibu lake mkononi. Novemba 24, 2021 aliyekuwa Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa kizuizi kilichokuwapo, na Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka huo ukaruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwamo, kurudi kwenye mfumo rasmi. Pa kuanzia ni kwa mkuu wa shule aliyoiacha, na asikawie. Ada nayo si ukuta, kwa kuwa tangu Januari 2016 shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne. Kinachobaki ni sare, daftari, chakula na nauli, ambavyo kwa nyumba yenye deni si vidogo, na igizo lisijifanye kwamba ni vidogo.

Onyesho la mwisho halina maneno mengi. Ni asubuhi. Hamisi anapanga madera mezani, anakunja moja vibaya, analikunjua, anakunja tena. Mama anapita na ndoo ya maandazi. Zuhura anatoka mlangoni na sare yake, begi mgongoni.

"Zuhura," baba anaita.

Anasimama. Watazamaji nao wanasimama kupumua, kwa sababu wamewahi kusikia sauti hiyo, na wanajua jinsi uamuzi wa usiku unavyoweza kubadilika alfajiri. Baba anapapasa mfuko wa kushoto, kisha wa kulia. Anatoa sarafu mbili za mia mbili.

"Nauli," anasema. "Ya kwenda na kurudi."